Je, wajua? Polo la mpunga lina gharama hata likiwa limelala ghalani

"Kwa nini wakulima wa Pemba huuza mpunga mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, wasiuweke wakauza Januari ukiwa ghali?"

Kwa sababu kwa wengi wao bei ya Januari haipandi kiasi cha kufidia kilo zinazopotea na deni linalokua. Hawakosi subira wala hesabu. Tatizo ni kwamba mpunga hupungua tangu siku unapoingia ndani, na mengi ya upungufu huo hayaonekani kwa macho.

Tuanze na maji. Mpunga wa masika unaovunwa kati ya Juni na Agosti, katika mabonde kama Makwararani na Mlemele, mara nyingi hutoka shambani ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hivi. Kuuweka miezi kadhaa kunataka uanikwe hadi ufike asilimia 14 au chini ya hapo. Kilo 1,000 za mpunga wa asilimia 20 zikikauka hadi asilimia 14 hubaki kilo 930. Hakuna aliyeiba wala mdudu aliyekula. Ni maji yameondoka, lakini ukiuza kwa kilo, kilo 70 zimeondoka nayo. Mnunuzi wa Julai asiyepunguza bei kwa sababu ya ubichi amekulipa na maji yale.

Na kukauka kwenyewe kunataka uangalizi. Mpunga ukiachwa kwenye jua kali bila kugeuzwa, au ukakauka mchana kisha ukapigwa na umande usiku, punje hupata nyufa ndani ya ganda. Nje unaonekana mzima. Unagundua siku ya kukoboa, mashine inapotoa chenga nyingi, na chenga zina bei yake ya chini. Ndiyo maana mpunga hutandazwa kwa tabaka jembamba juu ya jamvi au turubai, hugeuzwa mara kwa mara na hufunikwa kabla ya magharibi.

Kujua kama umekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na konzi chache za mpunga, funga, tikisa vizuri, kisha acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mpunga bado una unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Urudishe juani.

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapokuwa na tabu ambayo mkulima wa Dodoma haijui sana. Hewa ya Pemba ina unyevu mwingi, na mpunga mkavu ndani ya polo la kawaida huuvuta unyevu huo. Mvua za vuli zinaingia Oktoba, katikati kabisa ya kipindi cha kusubiri bei. Mpunga uliowekwa ukiwa mkavu unaweza kurudi asilimia 15 bila kumwagiwa tone la maji. Ukitia mkono katikati ya polo ukakuta joto, au ukasikia harufu ya uvundo, ukungu umeshaanza. Polo likigusa sakafu ya saruji au ukuta, upande huo huharibika kwanza, kwa hiyo weka mbao chini na acha nafasi ya kupita mtu.

Wadudu nao hupenda unyevu huo. Ganda la mpunga ni kinga nzuri, na fukusi hupata taabu kuingia kwenye punje isiyo na ufa. Ukishakoboa, kinga hiyo imeondoka, hivyo ni bora kuweka mpunga kuliko mchele. Nondo wa nafaka hutaga mayai juu ya punje na kiwavi wake hujipenyeza ndani. Ukiona vitundu vidogo vya duara, ameshakula na kutoka. Mfuko usiopitisha hewa, ule wenye nailoni mbili ndani ya polo, husaidia sana: wadudu humaliza hewa iliyomo wakafa, na unyevu wa nje hauingii. Lakini ukiufunga mpunga mbichi humo, unaufungia uvundo.

Sasa tuweke bei. Takwimu hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Mama mmoja ana kilo 1,000, bei ya mavuno ni shilingi 1,000 kwa kilo. Akiuza leo anapata 1,000,000. Akikausha anabaki na kilo 930, na kwa miezi sita wadudu, panya na mwagiko vikichukua asilimia 4, zinabaki kilo 893 hivi. Mifuko kumi kwa shilingi 5,000 ni 50,000. Kwa gharama hizi tu, bei inabidi ifike karibu 1,180 ndipo arudi pale angekuwa angeuza Julai.

Lakini ana haja ya shilingi 400,000 sasa hivi: trekta, wavunaji, sare za watoto. Akikopa kwenye kikundi kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi, miezi sita inaongeza 120,000. Bei ya kurudisha mali yake imepanda hadi 1,310. Mpunga ukifika 1,200, watu watasema bei imepanda, naye atakuwa amepoteza karibu 100,000.

Wengi Pemba hukwepa riba, na wana haki. Ila gharama ya kusubiri haiondoki kwa hilo peke yake. Huja kwa sura nyingine: bidhaa za mkopo dukani kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, au fedha za kulimia zilizochukuliwa kwa ahadi ya kulipa mapolo ya mpunga wakati wa mavuno. Aliyeahidi hivyo hana cha kusubiri. Mpunga wake umeshauzwa ukiwa bado mche.

Halafu kuna dari ya bei. Sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar hutoka nje ya visiwa, kwa hiyo mavuno yetu hayaishushi bei sana Julai, na upungufu wetu hauipandishi sana Januari. Mchele wetu ukizidi kuwa ghali, wanunuzi wengi huhamia ule ulioshuka bandarini. India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida Julai 2023, bei ya dunia ilipanda, na katazo hilo liliondolewa Septemba 2024. Mkulima wa Pemba hakuwa na njia ya kuyajua hayo alipokuwa akianika.

Kwa maoni yangu, njia yenye nafuu ni kuugawa mpunga. Mama yule akiuza kilo 400 Julai, haja yake imetimia bila deni. Kilo 600 zilizobaki, zikikauka na kupungua, ni 536 hivi, na mifuko sita ni 30,000. Bei ikifika 1,400, jumla yake ni karibu 1,120,000. Angekopa na kuweka zote angebaki na 1,080,000. Kukopa ili uweke zote kunashinda pale tu bei inapovuka 1,500.

Na katika zile kilo 600, za kwanza kuhesabiwa ziwe za kula nyumbani. Mpunga wa kula haushindani na bei ya mnunuzi wa shambani, unashindana na bei ya mchele dukani, ambayo ndani yake mna usafiri, ukoboaji na faida ya wafanyabiashara. Anayeuza wote Julai kisha akanunua mchele Novemba analipa vyote hivyo kwa chakula alichokilima mwenyewe.