Ukiambiwa "Una swali?" kwenye usaili wa waprogramu

Swali linaloulizwa sana ni "Mnafanya majaribio?" Halikusaidii, kwa sababu hakuna msaili atakayesema hapana. Mimi ningeuliza tukio moja lililokwisha kutokea: "Naomba kujua, badiliko la mwisho mlilopeleka kwa wateja lilikuwa nini, na lilipita wapi tangu lilipoandikwa?"

Chukua kampuni ya hapa Tanga inayotengeneza mfumo wa tiketi za mabasi ya Dar. Jibu zuri lina siku na vitu: Jumanne walirekebisha nauli ya mtoto, aliyeandika akaongeza testi mbili, mwenzake akaupitia msimbo, mashine ikaendesha testi zote, alasiri badiliko likaingia. Jibu la kutia wasiwasi huanza na "huwa": huwa tunakagua, huwa tuko makini. Hapo rudi taratibu: "Na hili la mwisho?"

Kisha fuatisha: "Kuna testi mnazozirudia mpaka zipite?" Hili ndilo ninalolipenda zaidi. Testi inayofeli leo na kupita kesho, bila msimbo kuguswa, mara nyingi inategemea saa, mtandao au testi iliyotangulia. Mfano, testi inakata tiketi ya "leo" kwa saa za Tanzania, halafu inailinganisha na tarehe ya seva iliyowekwa UTC. UTC iko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku seva bado iko jana. Mchana testi inapita, usiku inafeli. Timu inayobonyeza "rudia" tu huzoea kuona alama nyekundu ya kufeli, na siku nauli inapokosewa kweli, testi iliyoikamata nayo hurudiwa hivyo hivyo. Ukisikia kwamba testi ya namna hiyo hutengwa, hupewa mtu na kutafutiwa chanzo, hao wanaziamini testi zao.

Kampuni ya watu watatu pale Ngamiani inaweza isiwe na seva ya majaribio, na hilo peke yake si kosa. Waulize basi: badiliko likiharibu, mnarudisha lile la zamani kwa njia gani, na kwa dakika ngapi?

Mapokezi ya mgeni nayo yaulizie kwa mtu mmoja: "Aliyeajiriwa mwisho, mfumo uliwaka kwenye kompyuta yake siku ya ngapi, na badiliko lake la kwanza liliingia lini?" Siku moja au mbili ni dalili kwamba maelekezo yameandikwa na yanafuatika. Wiki mbili, uliza alikwama wapi. Mara nyingi utasikia nywila ziko kwa mtu mmoja aliyekuwa safarini, au data ya wateja ilinakiliwa kwa fleshi, jambo ambalo ni hatari kwa abiria wenyewe. Swali hili mwulize mprogramu; afisa utumishi atakutajia siku ya kusaini mkataba.