Baba mdogo mmoja, taarifa tatu

Wanafunzi wangu wa isimujamii huamini kwamba kubadili lugha kulingana na msikilizaji ni kuchagua maneno laini au makali. Ulaini ni sehemu ndogo tu. Anza na swali hili: marehemu ni nani kwa huyu unayemwambia?

Tuchukue mfano. Kijana anafanya kazi Mbeya mjini. Baba yake mdogo, Baba Tumaini, amefariki hospitalini usiku wa kuamkia leo. Bibi, mama mzazi wa marehemu, yuko kijijini karibu na Tukuyu. Rafiki wa damu wa kijana huyo yuko Iringa. Ofisini yupo mwenzake anayebaki na kazi zake.

Bibi aambiwe kwanza, na asiambiwe kwa simu. Simu ipigwe kwa mtu mzima aliye karibu naye, kama shangazi au mchungaji, aende akae naye. Kundi la ukoo la WhatsApp lisubiri mpaka huyo mtu arudishe jibu. Likitangulia, jirani ataingia uani analia, na bibi atajua kabla hajaambiwa.

Tuseme mjumbe ni shangazi. Salamu hairukwi, ila jibu lake ndilo linalofungua mlango:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Habari za leo?"
"Za leo si nzuri, mama."

Kwa kawaida tunajibu "nzuri" hata nyumba ikiungua, halafu ndipo tunaleta "ila". Kwa hiyo "si nzuri" peke yake inamtayarisha. Nyamaza kidogo, kisha endelea: "Baba Tumaini alilazwa juzi. Madaktari wamejitahidi. Usiku wa kuamkia leo mwanao amefariki." Tazama neno *mwanao*. Kwa mjumbe huyu marehemu ni kaka, kwa kijana ni baba mdogo, lakini hapa anatajwa kwa undugu wa anayesikia. Kama bibi anaelewa Kinyakyusa zaidi, yote haya yasemwe kwa Kinyakyusa, kuanzia salamu yenyewe, "Ugonile".

Wengi huharibu kwa kuficha mno. "Ametangulia" inaweza kusikika kama ametangulia safarini, na "amepumzika" kama amepata nafuu. Tafsida ukiitumia, ifuatishe na *amefariki*. *Amekufa* kwa mama wa marehemu ni neno la kumpiga nalo. Akiuliza "Yuko wapi sasa?", huenda bado hajapokea, au anataka kujua mwili ulipo. Jibu linalofaa yote mawili ni: "Mwili wake upo hospitali, tunauleta kesho." Sema mwili, usiseme maiti.

Ipo pia desturi ya kusema "amezidiwa, njoo haraka" ili mtu asafiri. Naielewa, maana hakuna anayetaka mzee aanguke ndani ya basi. Lakini kwa bibi ambaye msiba unamfuata nyumbani haina kazi. Inampa tumaini la saa chache, kisha inamfanya aomboleze na uongo wenu pia.

Kwa rafiki mambo ni mafupi. "Ndugu yangu, ba'mdogo amekufa. Nipo kwa watu, usipige sasa, nitakutafuta usiku." Hapa *amekufa* haimvunjii mtu heshima, maana ukaribu umeibeba. Ukimtumia "Kwa masikitiko makubwa nakutaarifu…", au ukimpelekea lile tangazo la kundi, atasoma kwamba umemweka na umati. Mwambie pia unachotaka kwake, aje au asubiri. Asipoambiwa atapiga simu mara kumi.

Mfanyakazi mwenzako anahitaji mambo manne: undugu, siku, unarudi lini, kazi imeishia wapi.

"Habari za asubuhi, kaka. Nimefiwa na baba mdogo, mdogo wake baba mzazi, usiku wa kuamkia leo. Maziko ni Alhamisi, Tukuyu. Natarajia kurudi Jumatatu. Ripoti ya mauzo ipo mezani, faili la bluu, imebaki saini ya mhasibu. Naomba unishikie."

*Nimefiwa* linafanya kazi kubwa. Linamweka mfiwa mbele, si marehemu, na ofisini mfiwa ndiye anayehusika. "Mdogo wake baba mzazi" nayo si urefu wa bure. Kwetu baba mdogo ni baba, na wengi huandika "nimefiwa na baba" bila nia mbaya. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inapotoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa msiba, inataja mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hayumo. Ukiandika "baba" mwenzako atampelekea meneja hivyohivyo, na siku utakapoletewa fomu yenye neno *mzazi*, utaonekana umedanganya. Ukitaja undugu kamili, unaomba ruhusa ya kawaida au siku za likizo yako ya mwaka, na maelezo yanaishia hapo.