Geti lililoandikwa kwenye tiketi sio ahadi: mambo watu wanayoamini stendi siku za sikukuu na ukweli wake

Mtu anaweza kufika stendi saa nzima kabla, tiketi mkononi, akajipanga foleni vizuri kabisa, na bado basi lake likaondoka bila yeye likiwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Siku ya kawaida ni ngumu kutokea sababu foleni ni fupi na magari yote unayaona, ila mkesha wa sikukuu watu wamejaa mpaka huoni hata ubavu wa basi, na hapo ndo yale tuliyozoea kuyaamini yanatuangusha. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona mama na watoto wawili na mabegi wanabaki stendi usiku wakati walifanya kila kitu walichoambiwa.

"Tiketi imeandika geti 14, basi nakaa geti 14 nasubiri"

Hii ndo inaacha watu, kwahiyo nitakaa nayo kidogo.

Ile namba ya geti kwenye tiketi ni mpango tu, imewekwa siku tiketi inakatwa, na wakati huo hakuna anayejua gari gani litachelewa. Kinachoamua geti siku yenyewe ni nafasi. Basi likiingia linashusha, linafagiwa, linapakia mizigo, abiria wanahakikiwa mmoja mmoja, ndo linatoka. Tuseme geti moja limepangiwa magari manne, la saa 2:00 usiku, la 2:30, la 3:00 na la 3:30, kila moja lina nusu saa ya kukaa pale. Siku ya kawaida inatosha. Sasa sikukuu kila abiria ana mizigo mitatu na watoto, gari linakaa dakika 45 badala ya 30. Piga hesabu: la kwanza lililoingia 1:30 linatoka 2:15, yani robo saa tu nyuma, hakuna anayelalamika. La pili linaingia 2:15 linatoka 3:00, tayari nusu saa. La tatu linatoka 3:45. La nne, la saa 3:30, lingetoka saa 4:30, saa nzima nyuma, na hapo hakuna aliyezembea, ni zile dakika 15 tu zinazojilimbikiza.

Msimamizi wa magari hawezi kukubali hilo wakati geti jingine liko wazi, kwahiyo anahamisha gari la nne. Ndo maana geti hubadilika zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi, kuchelewa kumeshajikusanya mchana kutwa.

Dalili unaiona mwenyewe kabla hata hujatangaziwa. Ukifika getini kwako angalia gari lililopo sasa hivi, soma saa yake kwenye kibao cha mbele au uliza wanaopanda ni la saa ngapi. Kama ni gari lililotakiwa kuwa limeshaondoka muda, na kati yake na lako kuna jingine linasubiri zamu, basi jua lako linaweza kuhamishwa, usiendelee kusubiri tu, nenda deski ukaulize. Na simama sehemu unayoweza kuona ubao wa magari na kusikia spika, sio nyuma ya nguzo sababu kuna kivuli. Ubao na spika vikisema vitu tofauti usichague kimoja kwa kubahatisha, mwenye jibu ni yule aliyeshika orodha ya abiria wa gari lako.

"Nimeuliza, wameniambia foleni ndo hii"

Umeuliza nani na umeuliza nini? Watu wanafika mkiani mwa foleni wanamuuliza wa mwisho "hii ya kwenda wapi?", anajibu jina la mji, ni mji wao, wanajipanga. Na yule hajadanganya hata kidogo! Tatizo siku za sikukuu kuna magari matatu manne ya kwenda mji huo huo usiku huo huo, na la kabla ya lako limechelewa kwahiyo foleni yake iko pale pale ulipotegemea yako iwe.

Swali la maana linabeba vitu viwili pamoja, mji na saa: "hii ni ya gari la saa tatu na nusu la kwenda fulani?" Na uliza mbele, sio nyuma. Wa nyuma kabisa naye kafika dakika mbili zilizopita akauliza mtu kama wewe, kwahiyo unaweza kukuta mkia mzima umekosea pamoja. Foleni ndefu zinakatwa na njia ya kupita, watu wanaacha uwazi ili wenye mikokoteni wapite, halafu upande wa pili anajiunga mtu kwenye mkia wa foleni nyingine kabisa. Nyingine hata sio ya kupanda gari, ni ya kupima mizigo au ya kuchapisha tiketi. Kwahiyo kabla hujajipanga tembea foleni yote mpaka kichwani, uone inaishia kwenye mlango wa nini. Kama mko wawili mmoja ashike nafasi mwingine aende. Ukiwa peke yako mwambie wa nyuma yako unaenda kuangalia unarudi, wengi wanaelewa maana nao hawana uhakika.

Tuchukue mfano. Mama ana tiketi ya saa 3:30 usiku, imeandikwa 21:30, geti 14, siti 27. Kafika saa 2:40. Geti 14 kuna gari linapakia, anasoma kibao, ni la 2:30 la mji mwingine. Pembeni kuna foleni ndefu ya mji wake. Angejipanga pale angekosea, ila anaenda kichwani anauliza, anaambiwa hii ni ya saa 3:00. Hapo anajua, la 2:30 bado lipo, la 3:00 halijaingia hata, lake la 3:30 litaingia saa ngapi? Anaenda deski anaonyesha tiketi, anaambiwa gari lako limehamia geti 21, anaomba pia namba ya gari, anaiandika nyuma ya tiketi. Saa 2:55 yuko geti 21 na pale hakuna basi, wapo watu sita tu.

Hapa ndo wengi wanakata tamaa wanarudi geti 14 kwenye umati. Geti tupu linatisha kwa kweli, unaona kama umedanganywa, ila geti lililobadilishwa sasa hivi ndo linavyokuwa, wenzako hawajapata taarifa. Yule mama aliwauliza wale sita, wawili wana tiketi za 3:30 za mji ule ule na wametokea deski pia. Akabaki. Saa 3:10 gari likaingia, akalinganisha namba na aliyoandika, ndo akasogeza begi.

"Kampuni ni hiyo hiyo, mji huo huo, saa hiyo hiyo, napanda lolote"

Siku ya kawaida ungekuwa sahihi maana gari ni moja. Sikukuu siti zikiisha kampuni inaongeza gari la nyongeza kwa saa ile ile, kwahiyo magari mawili, siti 27 mbili, na orodha mbili za abiria. Jina lako liko kwenye moja tu. Ukipanda jingine unakaa raha mustarehe mpaka mwenye 27 yake anafika, unashushwa, na lako wakati huo linaweza kuwa limeshatoka getini. Kwahiyo angalia kama tiketi ina namba ya gari au herufi ya kutofautisha, kama haina uliza deski "niko gari la kwanza au la nyongeza?"

Gari la nyongeza mara nyingi ni la kukodi, halina rangi ya kampuni wala jina lake ubavuni, lina karatasi tu kioo cha mbele. Mtu anatafuta basi la rangi aliyozoea, na lake lipo mbele yake analiangalia kama la wengine. Soma karatasi na pleti, rangi iache.

Na kama unashuka njiani usitegemee kuona jina la unaposhuka, kioo cha mbele kinaandikwa mji gari linapoishia. Muulize aliyeshika orodha kama gari hilo linasimama kwenu, maana la nyongeza linaweza kupangwa lipitilize moja kwa moja.

"Safari ni tarehe 25 usiku, nitatoka nyumbani tarehe 25 jioni"

Kama tiketi imeandika 00:30 ya tarehe 25, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 24. Tarehe inageuka saa sita kamili usiku. Ukitoka nyumbani jioni ya tarehe 25 gari lako limeondoka zamani, na utajipanga foleni iliyo sahihi, geti sahihi, siku ambayo siyo, na msimu huu kupata siti nyingine usiku huo ni shughuli. Saa yoyote inayoanza na 00, 01, 02 kwenye tiketi, isome mara mbili na utoke nyumbani jioni ya siku iliyotangulia.

"Gari ni saa 3:30, nikiwa getini 3:25 niko sawa"

3:30 ni muda wa matairi kuzunguka. Mizigo inafungwa kabla, orodha inafungwa kabla, na tiketi nyingi zina muda wa kuripoti umeandikwa kwa herufi ndogo chini, huo ndo wako.

"Nikishakabidhi begi nimemaliza"

Kinyume chake. Kijana anakuja mbio anakupokea begi "mama twende, gari linaondoka", analitupa buti la gari lililo karibu, kumbe la nyongeza lako liko geti la pembeni. Begi linasafiri peke yake. Usimpe mtu mzigo mpaka umeona namba ya gari na aliyeshika orodha ameliona jina lako, na ukitoa dai kile kipande cha lebo ya mzigo, halafu kabla hujaondoka butini soma kama namba ya kwenye kipande chako na ile iliyobandikwa kwenye begi ni moja. Ukigundua umekosea gari na begi limeshaingia, usipande kwanza na usikimbie geti la pili, baki hapo hapo kwa mwenye orodha umuonyeshe tiketi na kile kipande, buti lifunguliwe ukiwa unaona, na umuombe awapigie wenzake wa gari lako kwamba uko njiani unakuja.