Navimeshi haizuii ejenti kugongana

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na kijana anayetengeneza mchezo wa mitaa ya hapa Nairobi. Ejenti zake, yaani wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, zinakwama kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu la Thika Road, naye anataka kujua abadilishe nini ili navimeshi izizuie kugongana. Jamani, navimeshi haina kazi hiyo! Ni wavu unaoonyesha tu mahali ambapo ejenti moja, ikiwa peke yake, inaweza kupita.

Vidato havina shida. Kimo cha kidato kisipozidi kiwango cha kupanda ulichoweka, ejenti itapanda. Tazama upana. Ngazi zake zina mita 1.5, na rediasi ya ejenti ni 0.4. Recast, programu inayotengeneza wavu huo, hupunguza rediasi hiyo kila upande, maana baadaye ejenti huhesabiwa kama nukta. Inabaki mita 0.7. Lakini ejenti mbili zikipishana, vitovu vyao vinahitaji kuachana mita 0.8. Haziwezi kutoshana, na wavu uko sawa kabisa.

Kisha kuna hesabu hii ambayo wengi hawaitazami:

```
walkableRadius = (int)ceilf(agentRadius / cs);
```

Recast hupima eneo kwa vijiraba viitwavyo seli, na `cs` ni ukubwa wa seli moja. Ukiwa na seli ya mita 0.3, rediasi ya 0.4 hupandishwa hadi seli mbili, yaani mita 0.6. Kwenye ngazi inabaki njia ya mita 0.3 hivi, na kwenye skrini wavu bado unaonekana mzima. Weka rediasi ya 0.3 na seli ya 0.1: utabaki na 0.9, na kupishana kunahitaji 0.6. Ngazi ya watu wawili inataka upana usiopungua rediasi nne.

Kukwepana ni kazi ya mfumo mwingine. Katika ORCA, mojawapo ya mbinu za kukwepana, kila ejenti huchagua kasi na mwelekeo ikitegemea mwenzake atakwepa nusu. Nafasi isipokuwepo, kasi salama inayobaki ni karibu sifuri, kwa hivyo zote mbili husimama zikitazamana. Ukiandika mfumo wako, linganisha vimo pia, la sivyo aliye chini ya daraja atawakwepa walio juu.

Kuruka pengo hupitia kiungo kilicho nje ya wavu, na humo DetourCrowd, sehemu inayoendesha umati wa ejenti, haizikwepeshi. Mbili zaweza kutua mahali pamoja. Mimi hukifunga kiungo mpaka aliyeruka atue na asogee.

Ngazi nyembamba nazo nazifunga hivyo hivyo, upande mmoja upite kwanza. Zikiwa pana, nasogeza kila njia kushoto, kwa sababu njia fupi zaidi huwabana wanaopanda na wanaoshuka kwenye kona ileile. Ila kumi wakipanda na mmoja akishuka, sijapata kanuni ya zamu inayoniridhisha: nikiwapendelea wengi, yule mmoja hashuki, nikipokeza zamu sawasawa, foleni inafika barabarani.