Zamu inayofuata jua: Nairobi, Toronto, Sydney

Kwa miaka kadhaa simu yangu ya kazi ililala nami chini ya mto. Ikilia saa saba usiku, nafungulia kompyuta jikoni nisije nikawaamsha watoto, na kukicha naingia kazini kama aliyelala. Sasa timu yetu inayoangalia seva ina watu Nairobi, Toronto na Sydney, na kila mmoja hushika zamu mchana wa kwao. Kwetu jioni inapoingia, Toronto ndio kwanza kumekucha.

Kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyobadilika, Nairobi inashika 06:00 hadi 14:00, yaani kwetu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Toronto inapokea mpaka 22:00, Sydney mpaka 06:00. Mwezi Januari miji hii imepishana saa nane nane kamili, kwa hiyo kote watu huingia saa tatu na kutoka saa kumi na moja.

Kosa letu lilianzia hapo. Ratiba ya kwanza ilisema kila mtu aingie saa tatu asubuhi ya kwao. Nairobi hatubadilishi saa, lakini Toronto huzisogeza mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, na Sydney huzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Aprili. Machi, Toronto wakawa wanatoka 21:00 UTC na Sydney wanaingia 22:00. Aprili, Sydney wakasogea hadi 23:00. Kati ya 21:00 na 23:00 hapakuwa na mtu, na kengele ikikosa wa zamu ilimpigia mtu wa akiba. Wa akiba alikuwa Nairobi, na huku ilikuwa saa sita hadi saa nane usiku. Tulichelewa kugundua kwa sababu mchana tulijiona wengi: saa zilizopungua usiku zilikuwa zimerundikana kwenye mapokezano yetu, saa moja na Sydney asubuhi na nyingine na Toronto jioni. Ukiona zamu zinapandana mahali fulani bila kupangwa, tafuta pengo lilipo.

Tukaifunga ratiba kwenye UTC na kuacha saa za ukutani zisogee. Julai, Toronto wanafanya kazi saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Sydney saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Hakuna anayekesha. Kabla ya kutangaza ratiba tunaijaribu kwa tarehe za mbele:

```
TZ=Australia/Sydney date -d '2026-07-01 22:00 UTC'
```

Kwetu wa Nairobi kuna mtego mwingine: mtu anasema "saa nane", mwenzake anaandika 08:00. Kwenye maandishi ya zamu ni tarakimu na UTC tu. Saa za Kiswahili zinabaki mdomoni.

Wikiendi jua halisaidii. Toronto wakifunga Ijumaa 22:00, Sydney tayari ni Jumamosi asubuhi, na zinabaki saa 48 ambazo kila mji ni wikiendi au karibu yake. Hapo tunagawana zamu za mchana, na aliyeshika anapewa siku za mapumziko katikati ya wiki.

Lakini ratiba nzuri bila makabidhiano mazuri inahamisha tu usingizi uliokatizwa. Anayeingia hufika nusu saa mapema, na mzigo ni wa anayetoka mpaka mwenzake aandike "nimepokea".

Siku moja diski ya hifadhidata ilikuwa 71% saa 10:10 UTC, na 78% saa 13:40. Zamani tungeandika "diski inajaa, tunafuatilia", na Toronto wangelazimika kunipigia. Safari hii niliandika kasi yake, asilimia mbili kwa saa, kwa hiyo ingegusa 90% saa 19:40. Niliandika chanzo: seva ya nakala imezimika, na PostgreSQL, programu ya hifadhidata yetu, inaitunzia faili za WAL, yaani kumbukumbu za mabadiliko, mpaka izisome. Uthibitisho ulikuwa huu, nakala ikionyesha `f`, yaani haijaunganishwa:

```
SELECT slot_name, active FROM pg_replication_slots;
```

Niliandika pia lisilofaa kuguswa: msifute chochote ndani ya `pg_wal` kwa mkono, hifadhidata inaweza kushindwa kuwaka. Mwisho niliandika uamuzi na saa yake: nakala isiporudi kufikia 18:00, ondoeni nafasi yake ya kutunziwa faili kwa `pg_drop_replication_slot`, mkijua kwamba nakala itajengwa upya kuanzia mwanzo.

Mwenzangu wa Toronto aliuliza swali moja, nani amemwarifu mteja, nikamjibu, akaandika "nimepokea". Saa 18:04 aliiondoa nafasi ile, na baada ya muda diski ikaanza kupungua. Huku ilikuwa saa tatu usiku na dakika nne, na nilikuwa nikiwasomea watoto hadithi. Habari zake nilizisoma asubuhi, kwenye maandishi ya Sydney.