Kwa Nini Mashine ya Kufulia Hupitisha Muda Iliouonyesha

Ukiwasha mashine ya kufulia ya mlango wa mbele na kuchagua programu ya pamba ya digrii 40, kioo kitakuandikia muda, tuseme 1:25. Muda huo umetolewa kabla mashine haijapokea tone la maji wala kujua umeweka nguo gani. Waliouweka kiwandani walichukulia kwamba maji yanaingia kwa kasi ya kutosha, umeme uko karibu na volti 230, na nguo zitatawanyika vizuri wakati wa kukamuliwa. Moja kati ya hayo likikosekana nyumbani kwako, dakika zinaongezeka. Katika karakana yetu ya mafunzo tunaletewa mashine ambazo wenyewe wanasema "saa yake imekufa", na mara nyingi hatukuti kitu kilichokufa.

Programu ya kufua ni mfululizo wa hatua, na hatua hizo ni za aina mbili. Kuna zinazokwenda kwa muda, kama vile kugeuzageuza nguo kwa dakika 12. Nyingine zinakwenda kwa sharti: jaza maji hadi kiwango fulani, pasha hadi digrii 40, usikamue mpaka nguo zimekaa sawa. Hatua ya sharti haiishi kwa sababu dakika zimekwisha. Huisha sharti linapotimia. Kioo kinachohesabu wakati huo kinakisia tu, na makisio yakimalizika kabla ya sharti, namba husimama pale pale au hata kupanda. Ndiyo maana dakika moja ya mwisho inaweza kukaa kiooni kwa dakika kumi.

Mashine nyingi za sasa hujaribu kupunguza kosa hilo mwanzoni kabisa. Huzungusha dramu nguo zikiwa bado kavu, zikapima jinsi mota inavyolemewa, kisha zikarekebisha muda. Kwa hiyo namba ikibadilika katika dakika za mwanzo usishangae. Lakini kipimo hicho hakijui nguo zitakunywa maji kiasi gani. Kilo 4 za taulo na kilo 4 za jezi za mpira zinalemea mota sawasawa, ila taulo zitafyonza maji mengi zaidi.

Hapo ndipo inapoingia sensa ya kiwango cha maji. Haimo ndani ya maji. Chini ya beseni kubwa linalozunguka dramu kuna kichumba kidogo, na kutoka hapo mrija mwembamba wa mpira unapanda hadi juu ya mashine, ilipo sensa yenyewe. Maji yakipanda katika kile kichumba yanabana hewa iliyo kwenye mrija, na sensa inasoma mgandamizo wa hewa hiyo. Kina cha sentimita 10 za maji kinatoa mgandamizo wa kilopaskali 1 hivi, yaani kama sehemu moja ya mia ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Ni kiasi kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo la sindano kwenye mrija au utando wa sabuni kwenye kichumba unatosha kuipa bodi, yaani ubongo wa mashine, habari za uongo.

Wakati wa kujaza, vali hufunguka, maji huingia, sensa ikisema yametosha vali hufunga. Kisha dramu huzunguka, nguo zinafyonza, kiwango kinashuka chini ya kile kilichotakiwa, na vali hufunguka tena. Mashine inaweza kurudia hivyo mara kadhaa kabla nguo hazijashiba. Ukisikia maji yakiingia kidogo kidogo dakika kumi baada ya kuanza, huo si uvujaji, ni taulo zako zinakunywa.

Sasa tuichukue nyumba ya kawaida ya mjini kwetu, ambako maji ya bomba hayaji kila siku na mashine inategemea simtanki lililo kwenye mnara au juu ya paa. Kila mita 10 za kimo kati ya maji ya tangi na vali ya mashine zinatoa takriban megapaskali 0.1. Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi vinataka angalau 0.05, ambayo ni kimo cha mita 5. Tangi likiwa mita 3 tu juu ya mashine, una 0.03, na hapo bado hujatoa kinachopotea kwenye viwiko vya bomba na kwenye chujio dogo la vali, ambalo hupenda kujaa mchanga wa tangi.

Tuseme mashine hiyo inahitaji lita 50 kwa mfuo mzima, yaani kufua na kusuuza mara mbili. Maji yakiingia lita 8 kwa dakika, kujaza kote kunachukua dakika 6 na robo hivi. Yakiingia lita 2 kwa dakika, kunachukua dakika 25. Karibu dakika 19 zimeongezeka na hakuna chochote kilichoharibika. Ukitaka kujua wewe uko wapi, funga koki, fungua mpira wa kuingiza maji upande wa mashine, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, kisha fungua koki huku ukitazama saa. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika mbili kujaa, tatizo liko kwenye mfumo wa maji wa nyumba, maana vali ya mashine ni nyembamba kuliko mdomo wa mpira na itapitisha maji machache kuliko hayo. Ndoo ikijaa haraka lakini mashine inachelewa kujaa, chomoa chujio la vali kwa koleo na ulioshe. Kwangu mimi, kusafisha chujio ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kumwita fundi yeyote.

Kuna kosa jingine la ufungaji ambalo naliona sana na linanikera kwa sababu ni rahisi kuliepuka. Mpira wa kutoa maji machafu unalazwa kwenye sakafu ya bafu, karibu na tundu la maji. Mdomo wa mpira ukiwa chini kuliko maji yaliyomo kwenye beseni, maji yanajivuta yenyewe kwenda nje hata pampu ikiwa imezimwa. Mashine inajaza, maji yanatoroka, sensa inasema hayajatosha, mashine inajaza tena. Muda unasimama, bili ya maji inapanda, na mwishowe kioo kinaandika kosa la maji, kwa mfano IE kwenye mashine za LG. Kulipima ni rahisi: mashine ikishajaza, bonyeza kitufe cha kusimamisha, nenda ukaangalie mdomo wa mpira. Yakiendelea kutoka wakati kila kitu kimetulia, inua mpira na uufunge ukutani kwa kimo ambacho kitabu kimetaja, mara nyingi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni.

Tukija kwenye kukamua, hapa ndipo muda hupotea zaidi, na ndipo watu huamini mashine imechanganyikiwa. Inazunguka kidogo, inasimama, inageuza nguo upande wa pili, inaanza tena, inasimama. Sababu yake inaonekana ukipiga hesabu. Chukua dramu yenye nusu kipenyo cha sentimita 24, na nguo zimelundikana upande mmoja kiasi kwamba upande huo umezidi kwa nusu kilo. Kwa mizunguko 90 kwa dakika, ile nusu kilo inavuta dramu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 1 hivi. Ikifika mizunguko 400, nguvu inakuwa kama kilo 21. Kwa mizunguko 1200 inakaribia kilo 190, tena inayobadili upande mara 20 kila sekunde. Nguvu inaongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mashine inayoonekana tulivu kwenye kasi ndogo inaweza kutembea sakafuni kwenye kasi kubwa.

Kwa hiyo bodi hukagua kwanza kwenye kasi ya chini. Kwa dramu ya ukubwa huo, kuanzia mizunguko 60 hivi kwa dakika nguo zinaanza kung'ang'ania ukuta badala ya kudondoka. Mashine hupita eneo hilo polepole ili nguo zishike ukuta moja moja, zikisambaa pande zote. Kisha inasoma mwendo wa mota. Upande mzito ukiwa unapanda, mota inapungua kasi kidogo, ukishuka, inaongezeka. Tofauti hiyo ikizidi kikomo, jaribio linafutwa, nguo zinaangushwa na kupangwa upya. Kila jaribio linaweza kula dakika mbili au tatu, na mashine nyingine zikishindwa mara kadhaa huongeza maji ili kulegeza nguo zilizojisokota, jambo ambalo nalo linadai kujaza na kutoa upya. Majaribio manne, na dakika kumi zimekwenda.

Kinachosumbua zaidi ni kitu kimoja kizito, si mzigo mkubwa. Blanketi peke yake, zulia la bafuni, jinzi moja na soksi mbili: vitu hivyo havina mwenzao wa kukaa upande wa pili. Shuka lenye lastiki pembeni nalo humeza nguo ndogo likawa mpira mmoja mzito. Ongeza taulo mbili au tatu kwenye lile zulia na mara nyingi mashine itakamua kwa jaribio la kwanza. Kwenye mashine za LG, uE yenye herufi ndogo mwanzoni inakuambia inajaribu kusawazisha yenyewe, basi iache. UE ya herufi kubwa inasema imeshindwa, na hapo ndipo unafungua mlango na kutawanya nguo kwa mkono.

Povu nalo lina sehemu yake. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na pampu haiwezi kusukuma povu kama inavyosukuma maji. Povu likibaki kwenye kile kichumba cha hewa, sensa inasoma kana kwamba bado kuna maji. Mashine inasubiri litulie, au inaongeza msuuzo mzima ambao haukuwa kwenye hesabu ya mwanzo. Sabuni iliyotengenezwa kwa mashine, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, inaondoa hilo.

Utajuaje basi kwamba kuna ubovu wa kweli? Fua mzigo mwepesi usio na kisingizio: mashati na fulana, nusu ya dramu, sabuni kidogo. Ikiwa hata huo unashindwa kukamuliwa, hakikisha kwanza miguu minne ya mashine imekaa sawa sakafuni. Kisha zima, chomoa umeme, fungua mlango, kandamiza dramu chini kwa mkono na uiachie ghafla. Shokapu nzima huirudisha mahali pake na kutulia mara moja. Dramu ikiendelea kuruka juu na chini, shokapu zimechoka, na hakuna namna ya kupanga nguo itakayorudisha zile dakika mpaka zibadilishwe.