Kichwa Kikiuma Juani, Uliza Kwanza Amekunywa Maji Kiasi Gani

Msimu huu wa joto malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha afya na usalama kazini yamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza tumelizoea: saiti haina maji, au maji yapo lakini yako mbali. La pili ndilo lililonifanya niandike. Ni wafanyakazi waliopewa maji, wakanywa, wakanywa tena, halafu wakaanguka. Wasimamizi wao wanatuuliza kwa mshangao: "Mlituambia wanywe maji mengi, sasa imekuwaje?"

Hatukuwahi kusema "mengi." Tulisema ya kutosha, na kutosha kunapimika.

Nieleze tukio moja nililolishughulikia, bila kutaja mahali wala mtu. Wafanyakazi wawili walikuwa saiti moja ya ujenzi, zamu ya asubuhi yenye urefu wa saa nne, jua kali, hakuna upepo. Mmoja alikuwa akifunga nondo, mwingine akichanganya zege. Kwa bahati nzuri saiti ile ilikuwa imeanza kuwapima uzito wafanyakazi kabla na baada ya zamu, kwa hiyo takwimu zilikuwepo daftarini.

Fundi wa nondo alianza na kilo 68.4 akamaliza na kilo 67.6. Amepungua gramu 800. Alikunywa lita 2.4 na kukojoa kiasi cha lita 0.3. Hesabu ya jasho ni hii: uzito uliopungua, jumlisha alichokunywa, toa alichokojoa. Kilo moja ya uzito uliopotea juani ni sawa na lita moja ya maji, kwa hiyo 0.8 jumlisha 2.4 toa 0.3 ni lita 2.9 za jasho kwa saa nne. Alipungua zaidi kidogo ya asilimia moja ya uzito wake. Hilo halitishi. Tunaanza kuwa na wasiwasi upungufu unapofika asilimia mbili, maana hapo nguvu na umakini vinashuka, na mtu asiye makini juu ya jukwaa la ujenzi ni hatari kwake na kwa wenzake.

Mchanganya zege alianza na kilo 61.0 akamaliza na kilo 62.3. Soma tena: alitoka kazini akiwa mzito kuliko alivyoingia. Alikunywa lita 6 na kukojoa lita 1.8. Ukipiga hesabu ileile, naye alitoa lita 2.9 za jasho, sawasawa na mwenzake. Kilichowatofautisha ni chupa. Saa ya tatu alianza kulalamika kichwa, kisha kichefuchefu. Msimamizi, kwa nia njema kabisa, akaona ni dalili za kukaukiwa akampa lita moja nyingine anywe haraka. Saa ya nne kijana akawa anajibu maswali ovyo, na pete yake haikuvuka kifundo cha kidole. Hospitali sodiamu, yaani chumvi iliyomo katika damu yake, ilipimwa ikaonekana milimoli 126 kwa lita. Kawaida ni kati ya 135 na 145.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na silaumu mtu kwa kutolijua. Figo zina kikomo. Figo za mtu mzima mwenye afya haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi ya maji kwa saa, na mara nyingi ni chini ya hapo. Isitoshe, joto, kazi nzito, maumivu na kichefuchefu huamsha homoni inayoziamuru figo zishikilie maji. Kwa hiyo mtu anayechuruzika jasho na kunywa lita moja na nusu kila saa anapoteza maji pamoja na chumvi, kisha anarudisha maji matupu, na mlango wa kutokea umefungwa nusu. Maji yanayobaki yanaizimua sodiamu katika damu, seli zinavimba, na ubongo uliomo ndani ya fuvu hauna nafasi ya kuvimbia. Ndiyo maana kichwa huuma, ndiyo maana mtu huchanganyikiwa, na ikizidi hupata degedege.

Basi kiasi ni kipi? Mwongozo tunaoutumia unatoka NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini: kikombe kimoja cha kama mililita 240 kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kwa saa hiyo ni kati ya robo tatu ya lita na karibu lita moja. Mpaka wa juu ni kama lita 1.4 kwa saa, na huo ni ukuta, msiufanye lengo. Vikombe vidogo vya mara kwa mara vinashinda chupa nzima inayogugumiwa wakati wa mapumziko.

Kuna kosa ambalo limekuwa likinichosha. Kanuni nyingi za kazi humtaka mwajiri awe na akiba ya karibu lita moja ya maji kwa kila mfanyakazi kwa kila saa. Kanuni ya jimbo la California, kwa mfano, inasema hivyo. Hicho ni kiasi cha *kuweka tayari*. Hakuna aliyesema kila mtu alazimishwe kukimaliza, awe mnene au mwembamba, awe anabeba matofali au analinda geti. Nimekuta saiti ambako msimamizi anasimama na saa mkononi akihakikisha kila chupa imeisha. Naomba jambo hili liachwe.

Sasa mkojo. Mwaka 1994 mtafiti Lawrence Armstrong na wenzake walichapisha chati ya rangi nane, kuanzia iliyo karibu na maji hadi kahawia, na chati nyingi mnazoziona kwenye milango ya vyoo zimetokana nayo. Ni kifaa kizuri ukikisoma sawasawa, na wengi hawakisomi sawasawa. Mkojo ulioanguka kwenye bakuli la choo lenye maji umeshachanganyika, rangi yake haikwambii kitu. Kinga kidogo kwenye kikombe cheupe au kinachopenya mwanga, utazame kwenye mwanga wa mchana. Usiupime ule wa alfajiri peke yake, maana umekaa usiku kucha na kwa kawaida huwa umekolea. Upime kabla ya kuanza kazi, na tena wakati wa mapumziko.

Njano hafifu, kama maji yaliyokamuliwa limau, ni nzuri: endelea kama ulivyo. Njano iliyokolea kuelekea asali inasema umechelewa, kwa hiyo ongeza vikombe taratibu katika saa mbili zinazofuata, usifidie kwa mkupuo. Ukiwa mweupe kama maji kila unapokwenda, na unakwenda mara kwa mara, punguza. Watu wanajivunia mkojo mweupe kana kwamba ni cheti. Yule mchanganya zege naye alimwambia mwenzake asubuhi ile kwamba mkojo wake ni safi kabisa.

Kahawia kama chai ya rangi au soda nyeusi ni habari nyingine. Ikiambatana na misuli inayouma au kulegea baada ya kazi nzito, huenda misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hapo hakuna kungoja kuona kama maji yatasaidia. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Tena rangi inaweza kudanganya. Vidonge vya vitamini B hugeuza mkojo kuwa njano ya kung'aa, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huufanya wa machungwa, na kiazisukari chekundu huupa wekundu. Udanganyifu mbaya zaidi ni huu: ile homoni niliyoitaja ikishika kasi, mtu aliyejaza maji kupita kiasi anaweza kukojoa kidogo, na mkojo wenyewe ukawa umekolea. Akitazama chati peke yake ataambiwa anywe zaidi. Mchanganya zege hakukojoa kabisa saa ya mwisho. Ndiyo maana tunasisitiza mizani pamoja na rangi pamoja na kiu. Mtu aliyeongezeka uzito juani asipewe maji, chati iseme inavyosema.

Kuhusu chumvi, mlo wa kawaida unaoliwa kwa wakati unawatosha wengi. Jasho likichuruzika saa kadhaa mfululizo, kinywaji chenye chumvi na sukari kiasi kinafaa kushika nafasi ya sehemu ya maji. Lakini hata hicho hakimlindi mtu anayekunywa kupita kiasi, na vidonge vya chumvi hatuvishauri. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu, au anayetumia dawa za kukojosha, apangiwe kiasi chake na daktari kabla ya kuanza kazi ya juani.

Mtu akiugua, peleka kivulini na uulize mambo mawili: amekunywa kiasi gani, na amekojoa lini. Kama alikunywa kidogo na ana akili timamu, mpe maji kwa vikombe. Kama alikunywa mengi, amevimba vidole na tumbo limejaa, asinywe tena, aangaliwe asiachwe peke yake. Kama amechanganyikiwa, anatapika mfululizo au ana degedege, usitie kitu kinywani kwa sababu yoyote. Huenda ni sodiamu, huenda ni kiharusi cha joto, na huwezi kujua kwa macho. Ita gari la wagonjwa. Mwili ukiwa wa moto, mmwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea wakati mnangoja. Maji ya nje hayamdhuru katika hali zote mbili. Mweleze mhudumu wa afya alikunywa lita ngapi, maana bila taarifa hiyo anaweza kutundikiwa dripu zaidi.

Kwa waajiri, mkaguzi akija ataanza na hesabu: wafanyakazi 20 kwa saa 8 ni takriban lita 160, yaani madumu manane ya lita 20, na ataomba kuyaona au kuona ratiba ya kuyajaza. Kisha atatembea kutoka sehemu ya kazi hadi kwenye maji, halafu hadi chooni. Choo ni sehemu ya suala la maji: wanawake wengi wametuambia hawanywi kwa sababu hakuna pa kujisaidia kwa staha. Atauliza daftari la uzito, kama lipo, na daftari la matukio. Kasoro zitaandikwa kwenye ilani yenye tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Tarehe ikipita kuna ukaguzi wa pili, na kasoro ikikutwa tena, au ikiwa hatari ni ya papo kwa papo, kazi ya juani husimamishwa hadi maji yapatikane. Anayekaidi amri hiyo hupelekwa mahakamani. Gharama ya maji haikatwi kwenye ujira. Kifungu cha 21 cha Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1981 kinasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Kijana yule alitibiwa hospitalini akarudi kazini. Saiti yao sasa ina vikombe vya mililita 250 vilivyofungwa kamba kwenye kila dumu, na kwenye daftari la uzito safu ya tatu, baada ya "asubuhi" na "jioni," imeandikwa "amekunywa."